Pima Kwanza Tarakimu Ndogo: Namna ya Kupunguza Uzito wa PDF Bila Kuharibu Maandishi

(Mazungumzo na masekretere wa selili zetu, Baraka. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukafupisha maulizo ya mwisho.)

 

Mwezi uliopita watatu kati yenu waliniuliza ulizo moja: dosiye imeskaniwa vizuri, lakini imeli inaikataa kwa kuwa ni nzito. Wakiipunguza, inapita, lakini biro inajibu kwamba haisomeki. Leo tutatafuta njia ya katikati. Lakini kabla ya kuonyesha njia, niwaambie kosa langu mimi mwenyewe, kwa sababu lilimgusa mama mmoja wa chama hiki na bado linaniuma.

Ilikuwa wakati wa orodha ya mabati. Tulikuwa na familia 41, fomu zao zikiwa kwenye kurasa 18. Niliskani zote kwa rangi, kwa 300 dpi, na PDF ikafika mega 34. Biro iliyoipokea ilikuwa na mpaka wa mega 10 kwa kila imeli. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, siku ya mwisho. Nikachukua programu ya kupunguza, nikachagua kiwango cha chini kabisa, na PDF ikatoka ikiwa na mega 1 na kidogo. Nikafurahi. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona majina yanasomeka, nikatuma.

Kwenye zile fomu, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, lakini namba ya familia iko chini, kwa tarakimu ndogo sana. Namba ya mama mmoja mjane ilikuwa inaisha na 3. Baada ya kupunguzwa, ile 3 ilijifunga ikaonekana kama 8. Aliyekuwa anaingiza namba upande wa pili aliandika 8. Namba hiyo haikuwa na mtu, kwa hiyo mstari ukarukwa. Mabati yalipofika, familia 40 zilipata. Yule mama alikaa chini ya hema wiki 11 za mvua mpaka tukarekebisha. Hakuna mtu aliyemfanyia ubaya. Ni mimi niliyetuma karatasi ambayo sikuisoma mahali panapostahili kusomwa.

Sasa tuelewe ni nini kilitokea ndani ya ile faili.

Ukiandika barua kwenye ordinatere halafu ukaifanya PDF, herufi zinabaki herufi. Kurasa 20 zinaweza kuwa nyepesi kabisa. Lakini ukipitisha karatasi kwenye skaneri, au ukiipiga picha kwa telefoni, hakuna herufi tena ndani yake. Kuko picha tu. Kila ukurasa ni picha iliyojaa nukta ndogo ndogo, na uzito wa PDF ni uzito wa hizo picha. Ukurasa mmoja wa A4 kwa 300 dpi una nukta zaidi ya milioni 8 na nusu. Njo maana kurasa 18 zinakuwa mzigo.

Ile dpi munayoiona kwenye skaneri ni hesabu ya nukta katika inchi moja. Sisi hatupimi kwa inchi, kwa hiyo tuigeuze kwa milimita, mutaelewa mara moja. Kwa 72 dpi munapata nukta karibu 3 katika kila milimita. Kwa 150 dpi munapata karibu 6. Kwa 200 dpi, karibu 8. Kwa 300 dpi, karibu 12. Mushike hizo namba nne tu: tatu, sita, nane, kumi na mbili.

Sasa muchukue rula, mupime kimo cha tarakimu iliyo ndogo kuliko zote kwenye karatasi yenu. Kwenye zile fomu za mabati ilikuwa milimita moja na nusu. Ile programu niliyotumia, kiwango chake cha chini kinapeleka picha kwenye 72 dpi. Mara tatu kwa moja na nusu: tarakimu nzima ilibaki na nukta 4, labda 5, kutoka juu mpaka chini. Muchukue karatasi ya hesabu ya watoto yenye vimraba, mujaribu kuchora 3 na 8 katika vimraba vinne. Mutaona wenyewe kwamba haiwezekani kuzitofautisha.

Na kuko jambo lingine linaloongeza ubaya. Picha nyingi ndani ya PDF zimebanwa kwa njia inayoitwa JPEG. JPEG inakata picha katika vipande vya nukta 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande inatupa mambo madogo ambayo jicho halitayaona sana kwenye picha ya mtu au ya mlima. Lakini tarakimu yenye kimo cha nukta 5 inaweza kuingia yote ndani ya kipande kimoja. Kile JPEG inachokiona ni kidogo, cha kutupwa, kwetu sisi ni ule mwanya wa 3 unaoitofautisha na 8. Mukiona ukungu wa kijivu na madoadoa kandokando ya herufi, kama vile zimelowa maji, hiyo ni alama kwamba JPEG imebanwa kupita kiasi.

Kwa hiyo kanuni ninayotumia leo ni hii: tarakimu ndogo kuliko zote ibaki na nukta 12 za kimo, kwa uchache. Zikifika 16, ninalala usingizi. Tarakimu ya milimita moja na nusu kwa 150 dpi ina nukta 9, haitoshi. Kwa 200 dpi ina 12, inapita. Tarakimu ya milimita mbili, kwa 200 dpi, ina 16, ni salama. Karatasi yenu njo inaamua kiwango. Programu haijui ni nini kimeandikwa pale, nanyi munajua.

Turudi kwenye dosiye ya mabati, nionyeshe namna nilivyoifanya upya. Bado nilikuwa na ile PDF ya kwanza, ya mega 34. Hilo ni la muhimu sana. Sikuchukua ile ya mega 1 na kujaribu kuikuza, kwa sababu nukta zilizotupwa hazirudi. Pia haifai kupunguza faili iliyokwisha kupunguzwa, kwa sababu JPEG hutupa kitu tena kila mara inapobana. Mupunguze mara moja tu, mukitoka kwenye ile ya mwanzo, na ile ya mwanzo muiweke mahali salama.

Kwanza niliuliza: mpaka wa biro ni mega ngapi kweli? Waliniambia 10. Lakini kiambatanisho kikisafiri ndani ya imeli kinageuzwa kuwa maandishi, na hapo uzito wake unapanda kwa theluthi moja hivi. Faili ya mega 9 inaweza kukataliwa na biro yenye mpaka wa mega 10. Kwa hiyo kwa mpaka wa 10 mimi ninahesabu 7. Gmail nayo, inayoruhusu mega 25, ninahesabu 18.

Pili, niliondoa vitu visivyohitajika kabla ya kugusa ubora. Kurasa mbili zilikuwa tupu, ni mgongo wa fomu. Nikazitoa. Kurasa tatu zilikuwa na ukingo mpana mweusi, kifuniko cha skaneri hakikufungwa vizuri. Nikaukata. Hapo hakuna herufi hata moja iliyopotea.

Tatu, niliondoa rangi. Fomu zilikuwa fotokopi, hazikuwa na rangi yoyote ya maana. Kijivu kilitosha. Musitegemee miujiza hapo, kwa sababu JPEG tayari inazibana rangi kwa nguvu, lakini faida iko. Ukurasa mmoja tu niliuacha na rangi: barua ya juu, yenye kashe ya zambarau na sahihi ya wino wa bluu. Biro nyingi zinataka kuona kwamba kashe ni ya wino, si fotokopi. Ule ukurasa nikauweka katika PDF yake peke yake.

Nne, njo nikashuka kutoka 300 mpaka 200 dpi. Muangalie hesabu: nukta zinapungua upande wa juu na upande wa pembeni pia, kwa hiyo ukurasa unabaki na nukta chini ya nusu ya zile za kwanza. Kurasa 15 za fomu zikatoka na mega 4 na nusu. Ile barua ya rangi ilikuwa mega 1. Jumla 5 na nusu, chini ya ile 7. Ikapita mara ya kwanza.

Kwa wale wenye ordinatere kwenye selili yao, programu niliyotumia ni Ghostscript. Haiuzwi, na ikishawekwa inafanya kazi bila interneti. Amri ni hii, inaandikwa kwenye mstari mmoja:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dColorImageResolution=200 -dGrayImageResolution=200 -dColorImageDownsampleThreshold=1.0 -dGrayImageDownsampleThreshold=1.0 -sColorConversionStrategy=Gray -o ndogo.pdf kubwa.pdf
```

Kwenye Windows, mahali pa gs muandike gswin64c. Faili ya mwanzo ni kubwa.pdf, inayotoka ni ndogo.pdf. Mukitaka rangi ibaki, mutoe ile sehemu ya Gray peke yake. Neno /ebook lingeshusha picha mpaka 150 dpi, na zile namba 200 zinalizuia. Kosa langu la siku ile lilikuwa neno moja: niliandika /screen, ambalo ni 72 dpi. Zile sehemu mbili zenye 1.0 nazo zina kazi. Bila hizo, Ghostscript haipunguzi nukta za picha mpaka iwe imezidi kiwango mara moja na nusu. Wengine wanaipa faili ya 250 dpi, wanaona nukta hazijapungua, wanasema programu ni mbovu. Ilikuwa inangoja tu ruhusa.

Kwa wale wenye telefoni tu, na ninajua ni wengi, kazi inafanyika wakati wa kupiga picha. Telefoni yenye kamera ya megapikseli 12 inatoa picha yenye nukta 3000 upande mfupi. A4 ina upana wa milimita 210. Karatasi ikijaza picha yote, munapata nukta 13 mpaka 14 kwa milimita, zaidi ya skaneri ya 300 dpi. Mukisimama mbali, karatasi ikachukua nusu tu ya upana wa picha, munabaki na karibu 7, na robo tatu za picha mumebeba uzito wa meza na vidole vya miguu. Kwa hiyo musogee karibu, mupige mchana karibu na dirisha au mlango, kivuli cha mkono kisiangukie karatasi, na mukate kandokando yote.

Na hapa kuko mtego. Mtu anapiga picha nzuri kijijini, anamtumia sekretere kwa WhatsApp kama picha. WhatsApp inaibana njiani. Sekretere anaiweka ndani ya PDF, halafu anaipunguza tena. Tarakimu imepigwa mara mbili. Mumwambie aitume kama Document, haitabanwa.

Programu za kuskani kwenye telefoni huwa na chaguo la rangi, la kijivu na la nyeusi na nyeupe. Lile la nyeusi na nyeupe linavutia kwa sababu ukurasa wenye maandishi ya kuchapwa unakuwa mwepesi sana na mkali. Kwa barua iliyochapwa vizuri, mulitumie, na mubaki kwenye 300 dpi, maana huko hakuna kijivu cha kulainisha ukingo wa herufi. Lakini kila nukta inalazimishwa kuwa nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Kalamu ya risasi iliyofifia inakuwa nyeupe, inapotea. Kashe iliyopigwa juu ya jina inakuwa nyeusi, inafunika jina. Alama ya kidole inakuwa doa. Karatasi zetu nyingi zilivuka ziwa ndani ya mfuko, zimekunjwa na kuloa, na mstari wa mkunjo unakuwa mweusi pamoja na herufi. Kwa karatasi za namna hiyo, kijivu.

Na niwatahadharishe juu ya ukurasa unaoonekana safi. Mwaka 2013 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba mashine fulani za biro, zikiskani, zilikuwa zinabadilisha tarakimu: 6 ilitoka 8, tena imechapika vizuri kabisa, bila ukungu. Njia ya kubana iliyotumika ilikuwa inatafuta maumbo yanayofanana ili ihifadhi moja na kulirudia mahali pengi. Tarakimu ndogo mbili zikifanana, inaweka moja mahali pa nyingine. Ukungu angalau unakuonya. Kosa safi halikuonyi. Kwa hiyo hata ukurasa unaong'aa unalinganishwa na karatasi.

Tufike sasa kwenye kuhakikisha, kwa sababu ni hapo nilipoanguka. Mimi nilifungua faili nikasoma majina niliyokwisha kuyajua. Jicho linaona kile kichwa kinachojua. Leo ninamwita mtu ambaye hajaiona dosiye, ninamfungulia ile PDF ndogo, ninaikuza mpaka 200%, na ninamwomba asome namba kwa sauti. Mimi ninashika karatasi ya asili ninafuata na kidole. Kila namba, si majina. Akisita kwenye 3 na 8, 1 na 7, 5 na 6, ukurasa ule unarudi. Kurasa 15 zinatuchukua dakika 20. Wiki 11 za yule mama zingeokolewa na hizo dakika 20.

Ikiwa namba zote zimesomeka lakini uzito bado unazidi, musishuke tena. Mugawe dosiye katika imeli mbili, muandike juu «sehemu ya 1 kati ya 2» na «sehemu ya 2 kati ya 2», ili biro ijue haijakamilika. Na kama orodha ni muhimu, muandike zile namba kwa mkono wenu ndani ya imeli yenyewe, jina na namba. Hayo ni maandishi ya kweli, hayana uzito, na hayaharibiki.

Maulizo mawili yaliulizwa, niyajibu hapa.

Baba mmoja aliuliza kuhusu zile tovuti zinazopunguza PDF bure. Zinafanya kazi, lakini faili yako inaenda kwenye mashine ya mtu usiyemjua, na mara nyingi hauchagui dpi, unachagua tu «kidogo» au «sana». Kwa tangazo la mkutano, sawa. Kwa dosiye yenye majina, alama za vidole na namba za familia zetu, mimi sifanyi hivyo. Na mukifanya kazi kwenye ordinatere ya sibakafe, mufute nakala kabla ya kuondoka, na kwenye kapu la takataka pia.

Mama mmoja aliuliza: kama karatasi ya asili imepotea na imebaki PDF iliyoharibika tu, tunaweza kufanya nini? Kwa ile PDF, hakuna la kufanya. Programu inayosema itaisafisha inakisia tu, na kwa namba ya mtu hatutaki kukisia. Mutafute aliyeituma kwanza, labda bado ana picha kwenye telefoni yake. Ikishindikana, muombe nakala mpya kwenye biro iliyoitoa. Njo maana ninasema ile faili ya kwanza, hata ikiwa na mega 34, isifutwe. Muiweke kwenye kifaa cha USB cha selili, na jina lake muongeze neno «asili».

Rula ya shule inatosha kuanza. Kesho mukifika nyumbani, mutoe dosiye moja, mutafute tarakimu yake ndogo kuliko zote, mupime milimita zake, na muandike hicho kipimo juu ya bahasha. Yeyote atakayeiskani atajua aende kwenye dpi ngapi.